Maswali 601 yamekuwa 3, lakini objekti na jedwali bado havijapatana

Mwezi wa Aprili 2025, toleo la 12.8 la Laravel, mfumo wa kuundia programu za wavuti kwa PHP, lilikuja na uwezo mpya. Ukiandika mstari mmoja tu, `Model::automaticallyEagerLoadRelationships()`, Eloquent, ambayo ndiyo ORM ya Laravel, yaani kiunganishi cha objekti na majedwali, huanza yenyewe kuvuta data za majedwali yanayohusiana kwa mkupuo badala ya moja moja. Tangu hapo nimekuwa nikiisikia kauli ile ile kwa wanafunzi wa uhandisi wa programu hapa Zanzibar: kwamba tatizo la N+1, yaani swali moja la orodha kuzaa swali jengine kwa kila mstari wake, limekwisha, na kwa hiyo mada nzima ya kutolingana kwa objekti na relesheni imebaki kuwa ya kujibia mtihani. Mmoja wao, wa mwaka wa mwisho, aliniuliza kwa uwazi kabisa: "Mwalimu, hilo si Laravel imeshalimaliza?" Jibu langu ni hapana. Uwezo huo ni mzuri na mradi wowote unafaa kuutumia, lakini unatibu dalili moja tu, nayo ni idadi ya maswali yanayotumwa kwenye kanzidata. Kinacholeta dalili hiyo ni kwamba objekti na relesheni ni namna mbili tofauti za kuifikia data, na kila unapoandika ukurasa au ripoti lazima mtu aamue ni namna ipi inayohitajika pale. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mstari wa usanidi.

Ili kuona kwa nini, inafaa turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mashirika kadhaa makubwa yaliweka data zao katika mifumo kama IMS ya IBM, ambamo rekodi ziliunganishwa kwa viashiria. Programu ililazimika kuijua njia: anzia rekodi hii, fuata kiashiria hadi ile, chukua ya kwanza chini yake, kisha inayofuata. Charles Bachman, katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing ya mwaka 1973, alimweleza mwandishi wa programu kuwa ni nahodha anayesafiri ndani ya data. Lakini tayari mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alikuwa amechapisha makala yenye pendekezo lililokwenda kinyume na hilo. Data ziwekwe katika relesheni, ambazo kwa lugha ya kazi ni majedwali. Uhusiano usiwe kiashiria, bali uwe thamani inayolingana pande zote mbili. Na anayetaka data aeleze anachokitaka, kutafuta njia ya kukifikia iwe kazi ya mfumo. Juu ya hayo kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka: ukiiuliza relesheni, jibu unalopata nalo ni relesheni, hata kama umbo lake halifanani na jedwali lolote ulilolihifadhi.

Objekti zilikuja kwa njia nyingine. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walizianzisha huko Norwei kupitia lugha ya Simula, kwa ajili ya kuigiza mwenendo wa vitu: kila kitu kina utambulisho wake, hali yake na tabia zake. Objekti moja huijua nyingine kwa kuishika, na ukitaka kufika mbali unafuata mshale mmoja baada ya mwengine. Yaani ule usafiri ambao Codd alitaka kuuondoa ndio uliorudi, safari hii ndani ya lugha za programu. ORM huja katikati ya viwili hivi. Huugeuza mstari wa jedwali kuwa objekti, hugeuza ufunguo wa nje kuwa mshale, na mabadiliko ya objekti huyageuza kuwa amri za `INSERT` na `UPDATE`. Kuna migongano mingine pia, kama ule wa urithi wa klasi, ambao majedwali hayaujui. Lakini kwenye kazi za kila siku, unaoumiza zaidi ni huu wa kusafiri dhidi ya kuuliza, na ndio nitakaokaa nao.

Tuchukue mfumo wa mfano wa kituo cha kupokea karafuu, tuseme Wete. Kuna majedwali matatu: `mapokezi`, kila mstari ukiwa ni mzigo mmoja uliopimwa msimu huu, pamoja na kilo zake, `wakulima`, na `shehia`. Kila pokezi lina `mkulima_id`, na kila mkulima ana `shehia_id`. (Majina ya majedwali nimeyataja ndani ya klasi kwa `$table`, maana Laravel ikiachiwa itatafuta jedwali linaloitwa `mkulimas`.) Karani anataka orodha ya leo, na mwanafunzi anaandika hivi:

```php
$mapokezi = Mapokezi::where('tarehe', $leo)->get();

foreach ($mapokezi as $p) {
    echo $p->mkulima->jina, $p->mkulima->shehia->jina, $p->kilo;
}
```

Msimbo huu unasomeka vizuri na jibu lake ni sahihi. Sasa hesabu kinachotokea. Swali la kwanza la SQL linaleta mapokezi ya siku, tuseme 300. Kisha, ndani ya mzunguko, `$p->mkulima` haijapakiwa, kwa hiyo Eloquent inatuma swali la kumtafuta mkulima mmoja. Ikishampata, `->shehia` nayo haijapakiwa, linatumwa swali jengine. Mawili kwa kila pokezi, mara 300, ukijumlisha na lile la mwanzo, ni maswali 601. Hata kama wakulima wote wanatoka Konde, shehia hiyo hiyo itaulizwa mara 300, kwa sababu Eloquent haikumbuki kwamba mstari ule imeshausoma; kila mkulima aliyesomwa peke yake ni objekti mpya, na objekti mpya haijui chochote kuhusu wenzake.

Kwenye kompyuta ya mwanafunzi hakuna anayeliona hilo. Kanzidata iko kwenye mashine hiyo hiyo, swali moja linachukua labda nusu milisekunde, na maswali 601 yanamalizika kwa theluthi ya sekunde. Tena mara nyingi jedwali la majaribio lina mistari 10 tu, hivyo maswali ni 21. Weka mfumo kazini, kanzidata ikiwa kwenye seva iliyo mbali, na safari ya kwenda na kurudi ikawa milisekunde 20. Hesabu ile ile inakuwa zaidi ya sekunde 12, na karani anauona ukurasa umeganda. Ukilitazama kila swali peke yake, lina kasi, linatumia faharasa, halina kasoro yoyote. Hata ile orodha ya maswali mazito ambayo kanzidata huihifadhi haitaonyesha kitu. Ugonjwa unaonekana pale tu unapoyahesabu maswali ya ukurasa mmoja. Kwa Laravel, weka `DB::enableQueryLog()` mwanzoni, na mwishoni chapisha `count(DB::getQueryLog())`. Kisha ongeza mistari ya majaribio na uhesabu tena. Ikiwa idadi ya maswali inapanda kadiri mistari inavyoongezeka, umeshalipata.

Dawa ya zamani ni `Mapokezi::with('mkulima.shehia')`. Eloquent inasoma mapokezi, inakusanya namba zote za wakulima, inauliza mara moja kwa `WHERE id IN (...)`, kisha inafanya hivyo hivyo kwa shehia. Maswali 3 tu, yawe mapokezi 300 au 3,000. Uwezo mpya unafanya jambo hilo bila wewe kuandika `with`: objekti zilizosomwa pamoja hukumbukana, na ya kwanza ikiulizwa mkulima wake, Eloquent huwapakia wakulima wa kundi zima. Hapo wanaosema tatizo limekwisha wana hoja ya kweli, na sitaki kuipunguza. Kosa lililokuwa rahisi kufanyika sasa ni gumu kidogo kufanyika, na kuna mifumo mingi iliyoandikwa kwa haraka ambayo itapata nafuu kwa mstari huo mmoja.

Lakini badilisha kidogo mahitaji. Karani sasa anataka orodha ya wakulima, na mbele ya kila jina jumla ya kilo alizoleta msimu huu. Mwanafunzi anaandika, ndani ya mzunguko, `$m->mapokezi()->sum('kilo')`. Yale mabano baada ya `mapokezi` yanabadilisha kila kitu. Kwa mabano, hukuomba uhusiano uliopakiwa. Umeanzisha swali jipya la SQL, na litatumwa kwa kila mkulima. Upakiaji wa kujiendesha hauligusi, na hata `Model::preventLazyLoading()`, ambayo kazi yake ni kupiga kelele kila uhusiano unapopakiwa kwa kuchelewa, itanyamaza, kwa sababu hakuna kilichopakiwa kwa kuchelewa. N+1 imerudi kupitia mlango mwengine. Basi mwanafunzi anayaondoa mabano, anaandika `$m->mapokezi->sum('kilo')`. Sasa upakiaji wa kujiendesha unafanya kazi, maswali yanashuka hadi 2, na kipimo chetu cha kuhesabu maswali kinasema kila kitu ni salama.

Si salama. Swali la pili limeleta mapokezi yote ya msimu, mstari kwa mstari, yakageuzwa objekti moja moja, ili PHP ijumlishe safu moja ya namba. Tuseme msimu una mapokezi 60,000. Kila objekti ya Eloquent hubeba thamani zake mara mbili, zilizopo sasa na zile za mwanzo, ili ijue kilichobadilika wakati wa kuhifadhi. Ukikadiria kilobaiti 2 kwa objekti, hizo ni kama megabaiti 120, na kikomo cha kawaida cha PHP ni megabaiti 128 kwa kila kitu, Laravel yenyewe ikiwemo. Siku moja kuelekea mwisho wa msimu ukurasa utakufa na maandishi ya `Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted`, na aliyeuandika atashangaa, maana maswali yake ni mawili tu. Kile kilichotakiwa kufanywa ni hiki:

```php
$wakulima = Mkulima::withSum('mapokezi', 'kilo')->get();
```

Hapa Eloquent inaweka `SUM` ndani ya swali la SQL lenyewe, kanzidata inajumlisha mahali data zilipo, na kwa kila mkulima inarudi namba moja, `mapokezi_sum_kilo`. Tazama lakini kilichotokea kwenye objekti: klasi ya `Mkulima` sasa imebebeshwa kitu ambacho si sifa ya mkulima. Hakimo katika jedwali la wakulima, hakiwezi kuhifadhiwa, na mkulima yule yule akisomwa kwa njia nyingine hatakuwa nacho. Tukienda hatua moja mbele na kutaka jumla ya kilo kwa kila shehia, objekti inakosa hata pa kusimama:

```sql
SELECT s.jina, SUM(p.kilo) AS jumla
FROM mapokezi p
JOIN wakulima w ON w.id = p.mkulima_id
JOIN shehia s ON s.id = w.shehia_id
GROUP BY s.id, s.jina;
```

Kama kituo kinahudumia shehia 30, jibu ni mistari isiyozidi 30. Mistari hiyo si wakulima, si mapokezi, wala si shehia. Ni relesheni mpya iliyozaliwa kwa ajili ya swali hili na itakayopotea likishajibiwa. Kwa Codd hilo ni jambo la kawaida kabisa, ndivyo mfumo ulivyokusudiwa. Kwa objekti ni tatizo, kwa kuwa klasi huamua umbo la data mapema, kabla swali halijaulizwa. Hapo ndipo kutolingana kulipo hasa, na ndipo uwezo mpya wa Laravel usipofika. Unaweza kuharakisha safari kutoka objekti hadi objekti, ila hauwezi kujua kwamba hapa hapakuhitajika safari.

Kuna wanaotoka hapa wakakimbilia upande wa pili: basi tuiache ORM, tuandike SQL tupu kila mahali. Hoja zao hazina uzito sawa. Iliyo na nguvu ni kwamba anayeandika SQL anaona kinachotumwa, na mwanafunzi aliyeanza na SQL hashangazwi na maswali 601 kwa sababu asingeyaandika. Nakubali. Iliyo dhaifu ndiyo inayosikika zaidi, kwamba ORM ni nzito kwa maumbile yake. Rudia hesabu yetu: sekunde 12 zimekwenda wapi? Ni milisekunde 20 mara 601, zote zikiwa ni kusubiri mtandao. Kazi ya kugeuza mistari 300 kuwa objekti ni ndogo sana mbele ya hizo. Andika mzunguko ule ule kwa SQL tupu, `SELECT` ya mkulima na ya shehia ndani ya `foreach`, na utapata sekunde 12 zile zile. Nimeuona msimbo wa namna hiyo, hauna ORM ndani yake hata kidogo. Kisha anayeacha ORM bado atahitaji kugeuza mistari kuwa kitu ambacho programu yake inakielewa, kujua nini kimebadilika ili akihifadhi, na kupitisha thamani za mtumiaji kwa usalama zisigeuke kuwa amri za SQL. Baada ya miezi michache atakuwa ameandika ORM yake mwenyewe, ndogo, isiyo na majaribio wala maelezo.

Upande wa ORM nao una hoja yake dhaifu, kwamba inamwezesha mwanafunzi kutojua SQL. Mfano wa kilo unaonyesha kinyume chake. Kuchagua kati ya `mapokezi()->sum`, `mapokezi->sum` na `withSum` ni kuchagua kati ya SQL tatu tofauti, na asiyezijua SQL hizo ataona mitindo mitatu ya kuandika jambo moja, achague inayopendeza macho. Kwa kila mkulima aliyeleta mzigo, matokeo yake yote ni namba ile ile, hivyo hata jaribio la msimbo halitamwambia kitu.

Pale ambapo objekti inastahili ni kwenye kuandika. Mkulima anapobadilisha namba ya simu, au pokezi linaposajiliwa pamoja na ukaguzi wa uzito na daraja, tunashughulika na kitu kimoja chenye kanuni zake, na kuziweka kanuni hizo ndani ya klasi kunaleta maana. Hata hapo utambulisho unadai uangalifu. Katika msimbo wetu wa mwanzo, mkulima aliyeleta mizigo miwili alisomwa mara mbili, akawa objekti mbili. Ukibadilisha simu kwenye moja, nyingine inabaki na ya zamani. Ukitumia `with`, mapokezi yote mawili yanashika objekti moja. Data ni ile ile, tabia ya programu imebadilika kwa sababu ya namna ilivyopakiwa. Hatari inakuwa kubwa zaidi inapohusu fedha. Ukiandika `$m->salio = $m->salio - 50000` kisha `$m->save()`, na madirisha mawili ya malipo yakafanya hivyo kwa wakati mmoja, yote mawili yalisoma 200,000 na yote mawili yataandika 150,000. Makato ya shilingi 50,000 yamepotea. `$m->decrement('salio', 50000)` hutuma `salio = salio - 50000` kwenye kanzidata yenyewe, na salio linakuwa 100,000 kama inavyopaswa.

Kwa hiyo ninachowashauri wanafunzi ni kuugawa mfumo kwa kazi. Fomu na mabadiliko ya kitu kimoja yapite kwenye objekti. Orodha zitumie `with` iliyoandikwa waziwazi hata kama upakiaji wa kujiendesha umewashwa, ili anayesoma msimbo ajue ukurasa unahitaji nini. Jumla, wastani, ulinganisho na ripoti ziulizwe kwa lugha ya relesheni, ama kwa `withSum` na ndugu zake, ama kwa `DB::table()`, ama kwa SQL yenyewe, na jibu lipokewe kama lilivyo, mistari ya namba, bila kulazimishwa liwe klasi.

Na kwa sisi tunaosimamia miradi ya mwaka wa mwisho, kuna la kubadilisha katika namna tunavyoikagua. Mfumo unaoonyeshwa mbele ya jopo ukiwa na wakulima 10 hauwezi kufichua lolote kati ya haya. Mwanafunzi aje na jedwali lililojazwa kwa `factory` hadi mistari 50,000, jambo linalochukua dakika chache kuandika. Afungue ukurasa wake mzito kuliko yote, na aonyeshe mambo mawili kando kando: maswali ya SQL yaliyotumwa, na mistari mingapi imesomwa ikilinganishwa na mingapi imeonyeshwa kwenye skrini. Kipimo cha kwanza kinakamata maswali 601. Cha pili kinakamata mapokezi 60,000 yaliyosomwa ili kuonyesha shehia 30, kosa ambalo Laravel ya sasa italipitisha bila onyo lolote.